Faili la Malalamiko: Nani Alione, Likae Wapi, Lichomwe Lini

Ofisi nyingi hudhani kwamba faili la malalamiko likishafungiwa kwenye kabati la chuma, kazi imekwisha. Lakini siri za ofisini hazitoki sana kwa kabati kuvunjwa. Hutoka kwa karatasi iliyosahaulika kwenye mashine ya kutoa nakala, kwa barua pepe iliyotumwa kwa watu wanane badala ya wawili, kwa jina la mlalamikaji lililoandikwa kwa kalamu nene juu ya jalada, au kwa picha ya ukurasa mmoja iliyopigwa kwa simu na kupelekwa WhatsApp. Kufuli ni zima, ufunguo uko mfukoni, na habari imeshafika jikoni, langoni na nyumbani kwa watu.

Msimamizi wa ofisi ndiye anayeweza kuzuia hilo. Si mwanasheria wala mpelelezi, lakini kila karatasi hupitia mikononi mwake. Ana maswali matatu ya kujibu kuhusu kila faili: kuna nakala ngapi na ziko wapi, nani ameziona na kwa sababu gani, na siku gani zitaharibiwa. Akiweza kuyajibu maswali hayo wakati wowote akiulizwa, faili liko salama. Akikwama hata kwenye moja, haliko salama, hata likiwa ndani ya sefu.

Tuchukue mfano wa hoteli moja ya Pwani ya Kenya yenye wafanyakazi 60. Ni mfano tu, hoteli yenyewe haipo, lakini mambo yake ni ya kila siku. Mhudumu wa kike wa mkahawa anamlalamikia msimamizi wake wa zamu kwa unyanyasaji wa kingono. Anawataja mashahidi wawili, mpishi na mlinzi. Barua yake inafika ofisini tarehe 11 Machi 2024, mkononi mwa msimamizi wa ofisi.

Siku ya kwanza

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Sera hiyo lazima iahidi kwamba jina la mlalamikaji na mazingira ya malalamiko hayatafichuliwa kwa mtu yeyote, isipokuwa pale inapohitajika ili kuchunguza au kuchukua hatua za nidhamu. Ahadi hiyo huanza kuheshimiwa au kuvunjwa tangu dakika barua inapopokewa.

Kwa hiyo barua hiyo haipigwi muhuri mezani pa mapokezi mbele ya wageni, wala haiingizwi kwenye daftari la barua zinazoingia kwa kichwa chake kamili. Daftari la kawaida linaandikwa tu kwamba bahasha ya siri imepokewa, tarehe, saa, na imekabidhiwa nani. Maelezo yanaingia kwenye daftari la pili, daftari la malalamiko, ambalo hukaa ndani ya kabati lenyewe. Humo lalamiko linapewa namba, tuseme ML/2024/07. Kuanzia hapo namba hiyo ndiyo jina la faili. Juu ya jalada hapaandikwi kingine chochote: si jina la dada aliyelalamika, si jina la anayelalamikiwa, si aina ya kosa. Hata kwenye kompyuta, folda inaitwa ML-2024-07. Anayepita nyuma ya kiti cha msimamizi asipate cha kusoma kwenye kioo.

Uamuzi wa pili wa siku hiyo ni mahali pa kuliweka. Kosa linaloonekana katika ofisi nyingi ni kutia barua ya malalamiko ndani ya faili binafsi la mfanyakazi, la mlalamikaji au la mlalamikiwa. Faili binafsi huguswa na watu wengi: mhasibu wa mishahara, karani wa likizo, mkaguzi, wakili wa kampuni. Kila mmoja wao akifungua kutafuta tarehe ya kuajiriwa, anakutana na jambo lisilomhusu. Lalamiko liwe na faili lake, mbali kabisa na faili binafsi. Shauri likiisha, kinachokwenda kwenye faili binafsi ni barua ya uamuzi peke yake, tena iliyoandikwa bila jina la mlalamikaji wala la mashahidi.

Ndani ya faili, kila karatasi inapewa namba ya folio kwa mfuatano, kama walivyofundishwa makarani wa masijala tangu zamani: 1 ni barua ya malalamiko, 2 ni barua ya kukiri kuipokea, 3 ni barua ya kuteua wachunguzi, na kadhalika. Namba hizo ni ulinzi. Karatasi ikichomolewa, pengo linaonekana. Zitumike vibanio vya plastiki badala ya pini za chuma, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hulisha pini kutu na kutu hula karatasi. Kabati lisiegemee ukuta wenye unyevu wala lisikae chini sakafuni pasipo kuinuliwa.

Kisicho na kazi kisiingizwe. Mchunguzi hahitaji nakala ya kitambulisho cha mlalamikaji ili kupima kama anasema kweli. Kama kuna cheti cha hospitali, huchukuliwa ukurasa unaohusu tukio, si historia yote ya ugonjwa. Uvumi wa koridoni, hata ukiwa mtamu, si ushahidi na haupewi folio. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu hali ya afya, hali ya ndoa na habari za familia kuwa data nyeti, na kila karatasi ya namna hiyo inayokusanywa bila haja ni mzigo utakaolazimika kulindwa kwa miaka.

Nani anaona nini

Katika hoteli yetu, watu wa kufikiriwa ni wengi: meneja mkuu, meneja wa rasilimali watu, wachunguzi wawili, fundi wa kompyuta, mwenye hoteli, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mlalamikiwa na mlalamikaji. Kosa ni kuwagawa watu hawa kwa vyeo, kwamba mkubwa aone zaidi. Wagawanywe kwa kazi waliyopewa katika lalamiko hili.

Wanaosoma faili zima ni wachunguzi wawili na mtu mmoja atakayeamua. Msimamizi wa ofisi hulitunza, na kwa kuwa hulitunza ataliona, kwa hiyo naye anahesabiwa miongoni mwao na kutia saini kwamba atatunza siri. Wanaosoma sehemu tu ni mlalamikaji, ambaye ana haki ya kuona maelezo yake mwenyewe na kupewa uamuzi, na mlalamikiwa, ambaye lazima aelezwe tuhuma kwa ukamilifu ili ajitetee. Sheria ya Ajira inataka mfanyakazi anayekabiliwa na kufukuzwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kuelezwa tuhuma si kukabidhiwa faili. Anapewa barua inayosema anatuhumiwa kufanya nini, wapi na lini.

Wengine wote wanajua tu kwamba kuna jambo linashughulikiwa, au hawajui kabisa. Mwenye hoteli hupewa taarifa ya robo mwaka: malalamiko mangapi yamepokewa, ya aina gani, mangapi yamekwisha. Hapewi majina.

Sehemu ngumu ni pale mkubwa anapokuja mlangoni. Meneja mkuu, ambaye hakupewa kazi yoyote katika shauri hili, anasema: "Hebu niletee lile faili la yule binti, nitazame tu." Msimamizi anahitaji jibu aliloandaa mapema, la heshima na lisilotetereka: "Samahani bosi, faili hilo liko kwa wachunguzi kwa mujibu wa sera yetu. Nikipata barua yenye sababu, nitaiweka kwenye faili na kuwauliza wachunguzi leo hii." Sera iliyosainiwa na meneja huyohuyo ndiyo ngao yake. Bila maandishi, msimamizi anabaki anapambana na cheo cha mtu, na hapo mara nyingi atashindwa. Ndiyo maana orodha ya wanaoruhusiwa huandikwa siku ya kwanza, kwa majina, na kuwa folio ndani ya faili. Kama lalamiko linamhusu meneja mwenyewe au rafiki yake wa karibu, sera iseme kabla ya tukio ni nani atachukua nafasi yake: mjumbe wa bodi, au mtu wa nje.

Upande wa ndani wa jalada hubandikwa karatasi ya matumizi: tarehe, saa ya kutoka, jina, sababu, saa ya kurudi, saini. Faili halilali nje ya kabati. Haliendi nyumbani wala halibaki ndani ya gari. Anayetaka kulisoma hulisoma chumbani, na simu yake inabaki nje. Funguo ni mbili. Moja anayo msimamizi, ya akiba iko ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye saini juu ya kifuniko, katika sefu ya mhasibu. Saini ikikatika, mtu amefungua.

Kompyuta haina kufuli la kuonekana

Faili la karatasi lina faida moja kubwa: likiwa hapa, haliko kule. La kompyuta laweza kuwa mahali kumi kwa wakati mmoja.

Folda ya malalamiko iruhusiwe kwa akaunti za majina ya watu, kamwe si kwa nenosiri moja linalojulikana na idara nzima, kwa sababu nenosiri la wote haliwezi kusema ni nani aliyefungua. Iangaliwe pia folda imewekwa ndani ya nini. Kwa kawaida folda ndogo hurithi ruhusa za ile kubwa inayoibeba. Ukiiweka ndani ya folda ya "Utawala" ambayo watu 14 wanaifungua, wote 14 wanaifungua na hiyo, mpaka urithi huo ukatwe. Njia ya kuhakikisha si kumwuliza fundi kama ameweka ulinzi. Ni kuketi na mfanyakazi asiyeruhusiwa, akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, na kujaribu kuifungua. Ikifunguka, umejua kabla ya madhara. Jaribio hilo lirudiwe kila mtu anapohama idara au kuacha kazi.

Kisha zitafutwe nakala zisizofikiriwa. Skana ya ofisi mara nyingi hupeleka karatasi kwenye folda ya pamoja, na karatasi hubaki humo baada ya mtu kuchukua yake. Mashine nyingi za kutoa nakala zina diski ndani, inayoweza kutunza kile ilichosoma, kwa hiyo mashine ya kukodi isirudishwe kwa mwenyewe kabla diski haijafutwa. Barua pepe iliyotumwa kwa wachunguzi wawili imekwisha kuwa nakala tatu, pamoja na ile ya mtumaji. Ni heri kuwapelekea ujumbe kwamba waraka mpya umewekwa kwenye folda, bila kuambatisha chochote. WhatsApp isitumike kabisa kwa maelezo ya mashahidi, maana picha hujihifadhi zenyewe kwenye simu, na simu hubadilishana mikono nyumbani.

Fundi wa kompyuta ana uwezo wa kuona karibu kila kitu, na mara nyingi hakuna aliyemfikiria. Naye atie saini ya kutunza siri, na nyaraka nzito ziwekewe nenosiri la peke yake ambalo hana.

Anayelalamikiwa anapoomba kuona

Katikati ya shauri, msimamizi wa zamu anaandika barua kuomba taarifa zake zote zilizomo katika faili. Ana haki. Sheria ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data inayomhusu, na kanuni zake za 2021 zinampa mwajiri siku 7 za kuitikia ombi hilo. Lakini haki yake ni juu ya data yake, na faili hilohilo lina data ya mlalamikaji, mpishi na mlinzi. Kazi ni kumpa yake bila kuwafichua wengine.

Hapa ndipo watu huharibu kwa haraka. Wanapaka wino mweusi juu ya majina na kutoa karatasi hiyohiyo, ambayo ikiinuliwa kwenye dirisha lenye jua, herufi zinasomeka. Au wanaweka kisanduku cheusi juu ya maneno ndani ya waraka wa PDF, na anayeupokea anayachagua maneno yaliyo chini yake, anayanakili na kuyasoma yote. Njia salama isiyohitaji utaalamu ni hii: chapa nakala, funika kwa kalamu nyeusi, toa nakala ya nakala hiyo, na nakala ya pili ndiyo itoke ofisini. Kabla haijatoka, iinuliwe kwenye mwanga.

Na jina si herufi peke yake. Ukifuta jina la mlinzi ukaacha maneno "mlinzi wa lango la baharini, zamu ya usiku ya Jumamosi," katika hoteli ya watu 60 umemtaja. Kila sentensi isomwe kwa macho ya mtu anayefanya kazi hapo na anayetamani kujua. Kama huwezi kuificha sura ya shahidi bila kuharibu maana, toa muhtasari wa alichosema badala ya maneno yake. Kazi hii isifanywe na msimamizi peke yake. Wachunguzi wasome, na penye shaka wakili aulizwe kabla siku 7 hazijaisha.

Likae kwa muda gani

Uchunguzi unakwisha. Msimamizi wa zamu anafukuzwa tarehe 29 Aprili 2024. Anakata rufaa ndani ya hoteli, na rufaa inakataliwa tarehe 20 Mei. Hiyo ndiyo siku ya kufunga faili, na siku hiyohiyo ndiyo ya kuandika tarehe ya kuliharibu. Asubiri mwaka mmoja tu, na msimamizi mwingine atakayekuja hatajua kwa nini faili lipo wala kama linaweza kutupwa. Kwa hofu ataliacha. Baada ya miaka 15 ofisi itakuwa na kabati tatu za aibu za watu ambao hata hawafanyi kazi hapo tena.

Muda haukisiwi. Unatokana na swali moja: nani bado anaweza kutushtaki kwa jambo hili, mpaka lini? Chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya, madai yanayotokana na ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Aliyefukuzwa tarehe 29 Aprili 2024 ana hadi mwisho wa Aprili 2027. Mlalamikaji, akiona hoteli haikumlinda, naye anahesabu miaka 3 kutoka siku ya tendo analolilalamikia, ambalo lilitangulia. Kwa hiyo saa inayofuatwa ni ile inayochelewa zaidi kuisha. Kisha ongeza nafasi. Mtu anaweza kufungua kesi siku ya mwisho kabisa na wito wa mahakama ukafika ofisini miezi kadhaa baadaye, na ofisi iliyochoma faili siku iliyofuata itasimama kortini mikono mitupu. Mwaka mmoja wa nyongeza unatosha. Kutoka siku ya kufungwa, miaka 3 na mwaka 1, faili ML/2024/07 litaharibiwa tarehe 20 Mei 2028. Tarehe hiyo inaandikwa juu ya jalada na kwenye daftari, pamoja na sababu yake kwa sentensi moja.

Hesabu hii ni ya malalamiko ya ajira. Mteja anayelalamikia mkataba wa ukumbi wa harusi yuko chini ya sheria nyingine, ambamo madai ya mkataba kwa kawaida huwa na miaka 6. Shule yenye lalamiko la mtoto inahitaji muda mrefu zaidi, kwa kuwa muda wa madai ya mtoto husimama kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18. Hata hati za masharti ya kazi za mfanyakazi, ambazo sheria inataka zitunzwe miaka 5 baada ya ajira kwisha, zina kalenda yake. Ndiyo sababu nyingine ya kutochanganya mafaili: karatasi zenye tarehe tofauti za kufa zikifungwa pamoja, zote huishi kwa tarehe ya ile ya mwisho.

Lalamiko ambalo halikuthibitishwa nalo lina muda wake. Wapo wanaotaka lichomwe siku hiyohiyo ili jina la mtu lisafishwe, na nia yao ni njema. Lakini aliyelalamika bado anaweza kushtaki, na aliyetuhumiwa anaweza kuhitaji ushahidi kwamba alisafishwa. Linatunzwa kwa muda uleule, ila uamuzi wa kutothibitishwa unakuwa folio ya juu kabisa, ili yeyote alifunguaye aanze na hilo.

Kuna jambo moja linalosimamisha kalenda yote: kesi, barua ya wakili, au uchunguzi wa polisi. Likitokea, jalada linabandikwa karatasi nyekundu yenye maneno "Lisiharibiwe," tarehe, na jina la aliyeamuru. Karatasi hiyo haiondolewi ila kwa maandishi ya mtu huyo au wa cheo chake.

Ofisi za serikali ziwe na tahadhari ya ziada. Huko kumbukumbu ni mali ya umma, na haziharibiwi kwa uamuzi wa ofisi peke yake. Nchini Kenya hupita kwa Idara ya Kumbukumbu za Taifa, na Tanzania Bara kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002. Tanzania pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msomaji wa huko afuate misingi ileile, lakini muda wa kufungua madai auhesabu kwa sheria za huko, si kwa miaka ya Kenya.

Siku ya kuchoma

Mei 2028 inafika. Msimamizi anaandaa orodha ya mafaili yaliyoiva, kwa namba tu. Watu wawili wanaitia saini baada ya kuhakikisha hakuna karatasi nyekundu. Kisha linakuja swali la mwanzo: nakala ziko wapi? Karatasi ya matumizi iliyo ndani ya jalada sasa inalipa gharama yake, kwa sababu inaonyesha nani alichukua nini. Wachunguzi wanaulizwa kwa barua kama wamebaki na maandishi yao ya mkono. Folda inafutwa, pipa la taka la kompyuta linamwagwa, barua pepe zinatafutwa kwa namba ya faili. Fundi anaeleza nakala za akiba za seva zitajifuta lini. Kama ni baada ya siku 90, tarehe hiyo inaandikwa, na hadi hapo kazi haijaisha.

Karatasi zikatwe kwa mashine inayotoa vipande vidogo, si ile ya kukata mikanda mirefu ambayo mtu mwenye subira anaweza kuipanga upya. Pasipo mashine, zichomwe hadi majivu yavurugwe, watu wawili wakitazama. Kuzipeleka kwa muuza karanga au kwa mnunuzi wa karatasi chakavu ni kuzichapisha mtaani.

Kinachobaki ni hati ya uharibifu: namba ya faili, tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, tarehe na njia ya kuharibiwa, saini mbili. Katika daftari hubaki pia aina ya lalamiko na matokeo yake, bila jina. Kwa hiyo, mwaka 2030, hoteli bado itaweza kuona kwamba zamu za usiku za mkahawa zilileta malalamiko mengi kuliko idara nyingine, na kurekebisha, bila kumweka mtu yeyote hadharani.

Ikivuja

Dalili ya kwanza kwa kawaida husikika kabla ya kuonekana. Mtu asiyehusika anatamka maneno yaleyale yaliyomo katika maelezo ya shahidi. Au folio 9 inafuatwa na 11. Au karatasi ya matumizi ina saa ya kutoka isiyo na ya kurudi. Hapo msimamizi anaandika saa aliyogundua, anafunga ruhusa zote za folda, anahesabu folio mbele ya shahidi, na kumjulisha mkuu aliyetajwa na sera. Katika sheria ya Kenya, pale uvujaji unapoleta hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika, Kamishna wa Data lazima ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ofisi ilipojua, na mhusika mwenyewe ajulishwe kwa maandishi. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kunyamaza kwa matumaini kwamba habari itapoa hula saa hizo 72 na kumwacha mlalamikaji wa mwisho kujua.

Kwa ndugu msimamizi unayesoma haya: kesho asubuhi fungua kabati lako, toa faili moja tu la malalamiko, na ulijaribu kwa maswali yale matatu. Hesabu nakala, soma majina ya walioliona, tafuta tarehe ya kuharibiwa. Kama jalada halina tarehe hiyo, iandike kabla hujalirudisha.